Usifute Vema: Orodha ya Safari Inayozaliwa Upya Kila Mara

Watu wengi wanaopeleka wageni kambini wana orodha moja ya vitu kwenye simu, na wameitumia hiyo hiyo kwa miaka. Safari ikiisha, mtu anaifungua na kuanza kuondoa alama za vema, mstari baada ya mstari, ili iwe safi kwa safari inayofuata. Akifika katikati anapigiwa simu, anaiacha. Kesho yake asubuhi mpishi anaitazama, anaona kichwa cha mtungi wa gesi tayari kina vema, anajua kimo garini. Vema ile ni ya wiki iliyopita. Kichwa chenyewe kiko stoo Arusha, na gari litakapofika Seronera katikati ya Serengeti, kukirudia ni karibu siku nzima barabarani.

Dawa ya jambo hili si kuongeza umakini wa kufuta. Dawa ni kutofuta kabisa. Panakuwa na orodha mama ambayo haiwekewi vema hata moja maisha yake yote. Hiyo tuiite kiolezo. Kila safari inapata nakala yake mpya kutoka kwenye kiolezo, inajazwa, inatumika, na safari ikiisha nakala ile inawekwa kwenye kumbukumbu na vema zake zote kama zilivyo. Lahajedwali, yaani ile programu ya majedwali kama Google Sheets au Excel, inafanya kazi hii vizuri kuliko daftari, kwa sababu inaweza pia kukokotoa idadi. Ila lazima kiolezo kitengenezwe kwa akili fulani, la sivyo nakala zitabeba makosa yale yale kila mara.

Tuchukue mfano wa kampuni ndogo ya Arusha yenye gari mbili, inayopeleka wageni kulala kwenye mahema Ngorongoro na Serengeti. Kila gari lina dereva-mwongozaji na mpishi. Nitatumia Google Sheets kwa sababu ni ya bure na inafunguka kwenye simu, lakini kiolezo chenyewe kitengenezwe kwenye kompyuta. Kuandika fomula kwa kidole gumba ni kujitesa.

Juu ya jedwali tunaacha mistari michache ya taarifa za safari. Safu ya B ina majina na safu ya C ina majibu: C1 jina la safari, C2 tarehe ya kuondoka, C3 idadi ya wageni, C4 idadi ya wafanyakazi, C5 idadi ya usiku watakaolala nje. Kwenye kiolezo seli hizo tano zinabaki tupu. Mstari wa 9 ni vichwa vya safu, na vitu vinaanza mstari wa 10. Safu ni saba tu: A ni Pakia, B ni Kitu, C ni Kwa, D ni Kiasi, E ni Jumla, F ni Rudi na G ni Maoni. A na F zinawekewa visanduku vya vema kwa kuchagua seli na kubofya Insert, kisha Checkbox. Kisanduku kisichoguswa, programu inakisoma kama FALSE. Kikipata vema kinakuwa TRUE. Hilo lina faida yake mbele.

Safu ya Kwa na safu ya Kiasi ndizo zinazokitofautisha kiolezo na orodha ya kawaida. Orodha ya kawaida inaandika "magodoro 7", na safari ijayo yenye wageni wawili inabaki kusema 7 mpaka mtu akumbuke kubadili. Kiolezo hakiandiki idadi, kinaandika kanuni. Godoro ni 1 kwa kila mtu. Hema la wageni ni 0.5 kwa kila mgeni, kwa kuwa wawili wanalala hema moja. Seti ya spana ni 1 kwa safari, wawe wageni wawili au sita. Maji ya kunywa tukiyakadiria lita 3 kwa mtu kwa siku, na tunayabeba kwenye madumu ya lita 20, basi ni dumu 0.15 kwa kila mtu kwa kila siku. Mayai mawili kila asubuhi, na trei ina mayai 30, kwa hiyo kwenye Kiasi tunaandika `=2/30` na programu inajigawia yenyewe.

Sasa neno lililoandikwa safu ya Kwa ndilo linaloamua kuzidisha kwa nini. Fomula ya Jumla, kwenye seli E10, ni hii:

```
=ROUNDUP(D10*SWITCH(C10,
 "Safari",1,
 "Mgeni",$C$3,
 "Mtu",$C$3+$C$4,
 "Mtu-siku",($C$3+$C$4)*($C$5+1),
 "Mtu-usiku",($C$3+$C$4)*$C$5),0)
```

Inatisha kuitazama, lakini inasema jambo jepesi. Angalia neno lililo C10. Likiwa Safari, zidisha Kiasi kwa moja. Likiwa Mgeni, zidisha kwa idadi ya wageni. Likiwa Mtu, kwa wageni na wafanyakazi pamoja. Mtu-siku ni watu mara siku, na siku ni usiku ukiongeza mmoja, kwa kuwa anayelala nje usiku 3 yuko safarini siku 4. Mtu-usiku kinafaa kwa kifungua kinywa, maana siku ya kwanza kila mtu anakula alikolala Arusha. Mwishoni ROUNDUP inapandisha jibu hadi namba nzima, kwa sababu huwezi kupakia hema mbili na nusu. Alama za dola zinazuia namba za seli zisihame fomula inapoburutwa kwenda mistari ya chini. Ukizisahau, mstari wa 11 utaanza kusoma C4 badala ya C3, na jibu litakuwa baya bila kuonyesha dalili yoyote.

Tujaribu kwa safari moja. Wageni 5, wafanyakazi 2, usiku 3. Hema za wageni: 5 mara 0.5 ni 2.5, inapanda kuwa 3. Magodoro 7. Maji: watu 7 kwa siku 4 kwa 0.15 ni 4.2, kwa hiyo madumu 5. Mayai: watu 7, asubuhi 3, mayai 42, ambayo ni trei 1.4, basi trei 2. Badili sasa iwe wageni 2 na usiku 5: hema 1, magodoro 4, madumu 4, trei 2. Namba zilizoandikwa kwa mkono ni tatu tu, na orodha nzima imejipanga.

Hapo lazima nitoe tahadhari, kwa sababu fomula haijui watu. Wageni 5 hao wanaweza kuwa mke na mume pamoja na watu watatu wasiojuana, ambao kila mmoja amelipia hema lake. Hema zinazohitajika ni 4, fomula inasema 3. Mtu wa ofisini anapoijaza nakala ya safari hiyo, aandike 4 moja kwa moja juu ya fomula, aipake seli rangi ya njano, na kwenye Maoni aandike "watatu peke yao". Kufanya hivyo kwenye nakala ni halali kabisa. Kosa ni kukimbilia kiolezo na kubadili 0.5 iwe 1 kwa sababu ya kundi moja.

Makosa ya kuandika nayo yapo. Mtu akiandika "Mtuu" safu ya Kwa, SWITCH haitapata inacholingana nacho na seli itaonyesha `#N/A`. Mimi naipenda alama hiyo: ni kelele, na kelele inasikika. Lakini ni bora kuweka menyu ya kuchagua kwenye safu hiyo (Insert, kisha Dropdown) yenye maneno yale matano tu, pasiwe na cha kukosea.

Kazi inayobaki ni kuandika vitu vyenyewe, na hapa ndipo violezo vingi vinapooza. "Gesi" si kitu cha kuwekea vema. Mpakiaji ataona mtungi, ataweka vema, na mtungi unaweza kuwa na robo tu ndani. Andika "mtungi wa gesi wa kilo 6, umepimwa". Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma cha mtungi wenyewe. Uweke kwenye mzani, toa uzito ule, kinachobaki ni gesi. Mstari unaofuata uwe "kichwa cha mtungi na mpira wake", na unaofuata "kiberiti, paketi 2". Kila kitu kinachoweza kusahaulika peke yake kipate mstari wake. Kwa upande mwingine, sahani, vikombe na vijiko vinavyokaa daima ndani ya boksi moja la bati havihitaji mistari thelathini: andika "boksi la vyombo namba 1", na orodha ya vilivyomo ibandikwe ndani ya mfuniko.

Mpangilio nao ufuate njia ya miguu. Watu hupenda kupanga kwa aina, mahema pamoja na vyakula pamoja, lakini mpakiaji anatembea stoo, jikoni, kwenye friji, ofisini, halafu garini. Ukipanga orodha kwa mahali, anamaliza stoo na kufunga mlango bila kurudi. Ukipanga kwa aina, atarudi stoo mara nne, na mara ya nne hatarudi.

Mistari ya ofisini si ya vitu, ni ya kazi, na inastahili kuwemo. Ngorongoro iko chini ya mamlaka yake na Serengeti iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, kwa hiyo gari linalopita lango la Lodoare kisha Naabi linahitaji malipo ya pande mbili. Hiyo ni mistari miwili: "kibali cha Ngorongoro kimelipwa, karatasi iko garini" na "kibali cha Serengeti kimelipwa, karatasi iko garini". Ongeza mmoja wa kuwakumbusha wageni kabla hawajapanda ndege kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019. Kwa safari inayolala ukingoni mwa kreta, ambako ni zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai una baridi kali, blanketi la ziada liwe 1 kwa kila mtu. Yote hayo mtu mzoefu anayajua kichwani. Kiolezo ni kwa ajili ya siku ambayo mzoefu hayupo.

Zinabaki seli mbili za juu. C6 ihesabu ambavyo bado havijapakiwa, na C7 ihesabu vilivyopakiwa lakini havikurudi:

```
=COUNTIFS(A10:A,FALSE,B10:B,"<>")
=COUNTIFS(A10:A,TRUE,F10:F,FALSE)
```

Sehemu ile ya `B10:B,"<>"` inaonekana kama mapambo, lakini bila yake utaumia. Ukiwa umeburuta visanduku vya vema hadi mstari wa 120 wakati vitu vinaishia wa 84, programu itahesabu visanduku vya mistari mitupu kama vitu visivyopakiwa, na C6 haitafika sifuri kamwe. Watu wakishazoea kuona "bado 36" kila siku, wataacha kuitazama. Fomula ile inahesabu mistari yenye jina la kitu tu. Kwa C7, vitu vinavyoliwa au kumalizika, kama mayai na kiberiti, visiwekewe kisanduku safu ya Rudi. Seli tupu si FALSE, kwa hiyo haitahesabiwa, na hutakuwa na orodha inayodai mayai yarudi.

Kiolezo kikikamilika kinatakiwa kiwe faili peke yake, si karatasi moja ndani ya faili lenye safari zote. Najua wengi hufanya kinyume: wanabofya jina la karatasi chini ya jedwali, wanachagua Duplicate, na faili linaota karatasi mpya kila safari. Kwa mtu anayepanga safari za familia yake hilo linatosha, na ni rahisi kulinganisha. Kwa kampuni lina kasoro tatu. Ya kwanza, dereva unayemfungulia safari yake umemfungulia na safari zote za wenzake, na majina ya wageni wao. Ya pili, kiolezo kinakaa kidole kimoja kutoka karatasi ya leo, na siku moja mtu ataweka vema kwenye kiolezo akidhani ni orodha yake. Ya tatu imejificha zaidi: fomula iliyoandikwa na jina la karatasi, mfano `KIOLEZO!C3`, inaweza kuendelea kusoma kiolezo hata ikiwa imenakiliwa kwenda karatasi nyingine. Nakala inaonekana mpya, lakini idadi ya wageni inaivuta kutoka kwingine. Ndiyo maana fomula zetu hapo juu hazikutaja jina la karatasi hata mara moja.

Kwa faili peke yake, kutengeneza nakala ni kubofya File, kisha Make a copy. Dirisha litauliza jina na folda. Programu itapendekeza jina linaloanza na "Copy of", na ukiliacha hivyo, baada ya miezi sita utakuwa na mafaili ishirini yenye jina hilo hilo. Andika tarehe kwa kuanzia mwaka: `2025-07-14 Ngorongoro-Serengeti`. Ukianza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku, kompyuta ikipanga majina kwa alfabeti inakuwa imeyapanga kwa tarehe pia. Ukianza na siku, safari ya tarehe 3 Desemba itakaa juu ya ile ya tarehe 14 Januari.

Ipo njia ya mkato ambayo wengi hawaijui. Anwani ya faili la Google Sheets huwa na neno `/edit` karibu na mwisho. Ukifuta neno hilo na yote yanayolifuata, ukaandika `/copy`, anayefungua anwani hiyo haoni kiolezo. Anaulizwa moja kwa moja kama anataka kutengeneza nakala. Anwani hiyo unaweza kuibandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Ila anayetengeneza nakala ndiye anayeimiliki. Dereva akiitengeneza kwa akaunti yake, siku akihama kampuni orodha za safari zake zote zinaondoka naye. Kwa hiyo nakala itengenezwe na akaunti ya ofisi, kisha dereva na mpishi wapewe ruhusa ya kuhariri. Kwenye kiolezo chenyewe wapewe ruhusa ya kutazama tu. Anayetazama anaweza kunakili lakini hawezi kuharibu.

Huko porini mtandao hauaminiki. Kabla ya kuondoka, kwenye simu itakayotumika, bofya vidoti vitatu vya faili na uchague Make available offline. Orodha itafunguka bila mtandao, na vema zitakazowekwa zitapanda zenyewe mtandao ukirudi. Jambo la kuepuka ni simu mbili kuhariri orodha hiyo hiyo zikiwa nje ya mtandao, kwa sababu zikikutana moja itaifunika nyingine. Chagua mtu mmoja wa kuweka vema. Na kama mpishi hataki simu jikoni, ana haki. Mikono yake ina mafuta. Chapisha karatasi moja, aiwekee vema kwa kalamu, dereva ahamishie kwenye simu jioni.

Safari imerudi. Siku inayofuata, gari likishushwa, mtu yule yule anapita safu ya Rudi. Tuseme kwa safari yetu ya Julai C7 inaonyesha 2. Mtu wa stoo anatazama mistari yenye vema kwenye Pakia lakini haina kwenye Rudi: taa ya kichwa ya mpishi, na mfuko wa vigingi vya hema namba 4. Taa inapatikana chini ya kiti. Vigingi havipatikani, na kwenye Maoni dereva ameandika "vigingi viliachwa Simba, tuliondoka gizani". Kambi ya Simba iko ukingoni mwa kreta, na gari la kampuni linalopita kesho linaweza kuviulizia. Orodha ile ya kufutwa isingesema lolote, kwa sababu ingekuwa imeshafutwa.

Kabla nakala haijaenda kwenye kumbukumbu, safu ya Maoni isomwe, na mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya kiolezo aamue kipi kipande. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Maoni ya Julai yalikuwa matatu: vigingi vilisahaulika gizani, maji yalibaki dumu zima, wageni waliomba chai ya tangawizi kila jioni. La kwanza linastahili mstari mpya: "hesabu vigingi kabla ya kuondoka kambini". La tatu ni ombi la kundi moja, liache. La pili usilikimbilie. Julai ni baridi, watu hunywa kidogo. Ukipunguza kutoka 0.15 kwa sababu ya safari moja, kundi la Februari litakauka. Fungua nakala tano au sita za nyuma, tazama maji yalibaki kiasi gani kila mara, ndipo uguse namba. Bila nakala za zamani ungebaki kubishana kwa kumbukumbu za vichwa, na mwenye sauti kubwa angeshinda.

Kiolezo kikibadilishwa, badili pia maandishi ya toleo lake. Weka kwenye C8 neno kama "Toleo la Agosti 2025". Kila nakala itakayotoka humo itabeba neno hilo, na ukija kujiuliza kwa nini safari ya Juni haikuwa na mstari wa vigingi, jibu liko juu ya karatasi. Kibadilishwe baada ya safari, kamwe si katikati yake. Nakala zilizokwisha kutoka hazifuati mabadiliko ya kiolezo, na hilo ni jambo jema: orodha ambayo mpishi ameshaanza kuipakia haitakiwi kuota mistari mipya saa nne usiku.

Kuweka kwenye kumbukumbu ni kuhamisha faili kwenda folda la mwaka husika, mfano Safari 2025, na kumbadili dereva na mpishi kutoka Editor kuwa Viewer. Kwa orodha yetu hapo kazi imekwisha. Ila kama umeongeza fomula zinazotazama nje, ngoja kidogo. Fomula yenye `TODAY()` inasoma tarehe ya leo kila faili linapofunguliwa, kwa hiyo orodha ya Julai ukiifungua Februari itakwambia safari imebakiza siku -210. Hilo linachekesha tu. Lisilochekesha ni bei: kama safu ya gharama inavuta kutoka faili la bei za sokoni, bei zikipanda mwakani, gharama za safari ya mwaka huu nazo zitapanda ndani ya kumbukumbu, na hesabu zako za faida zitakuwa zimeandikwa upya bila mtu kugusa kitu. Zizime kabla ya kuhamisha: chagua jedwali lote, nakili, kisha ubandike papo hapo kwa Paste special, Values only. Fomula zitaondoka, namba zitabaki zilivyokuwa siku ile, na vema hazitaguswa.

Wanaotumia Excel wana njia ya asili ya kufanya haya. Faili likihifadhiwa kama Excel Template linapata mkia wa `.xltx`, na kila ukilibofya mara mbili linafungua kitabu kipya badala ya lenyewe. Ukibofya Save, linauliza jina. Kwa ofisi yenye kompyuta moja sioni sababu ya kuhama. Shida ni visanduku vya vema: vile vinavyokaa ndani ya seli vimekuja kwenye matoleo ya karibuni tu, kwa hiyo wenye Excel ya zamani watumie herufi x kwenye safu za Pakia na Rudi, na fomula zihesabu x badala ya TRUE.

Wapo watakaotaka kitufe cha kubofya kinachotengeneza nakala, kuipa jina na kuiweka kwenye folda peke yake. Inawezekana kwa programu ndogo zinazoandikwa ndani ya Google Sheets. Sishauri mwanzoni, kwa sababu vitufe hivyo havifanyi kazi kwenye programu ya simu, na siku kitufe kikigoma hakuna atakayejua njia ya mkono. Kunakili kwa mkono hakuchukui hata dakika.

Kama tayari unacho kiolezo cha aina hii, au ukikitengeneza wiki hii, kuna ukaguzi mmoja wa haraka unaoweza kuufanya kila mwezi. Fungua kiolezo, tazama C3 hadi C5 na safu yote ya Pakia. Ukikuta namba au vema humo, mtu ameshakigeuza orodha. Visafishe, kisha umwondolee ruhusa ya kuhariri siku hiyo hiyo.